Kosa Linaloitwa la Rosmery

Kila mwaka, wiki chache kabla ya mashindano ya kuandika programu za kompyuta, Limbert Arancibia anasimama mbele ya wanafunzi wapya wa kitivo chetu hapa Cochabamba, anachora alama moja ubaoni, anaizungushia duara, kisha anatabasamu. "Hili," anasema, "ndilo kosa la Rosmery." Vijana wanacheka na kuandika. Mimi hukaa nyuma, naangalia dirishani, roho inaniuma hadi meno. Limbert sasa ni kocha, mimi ni msaidizi wa maabara. Nimelisikia hilo jina mara nyingi mno, na nimechoka.

Nilimwahidi Rosmery kwamba sitamwambia Limbert. Sawa, sijamwambia. Nawaambia ninyi.

Rosmery Colque alitoka Oruro, juu huko kwenye baridi. Mama yake anauza api, kile kinywaji cha moto cha mahindi ya zambarau, na pasteli za jibini sokoni, baba yake alikuwa mchimba madini akastaafu na mapafu mabovu. Alikuja kwetu akiwa na sweta mbili na ubishi wa kuwatosha watu sita. Sio ubishi wa kupiga kelele, hapana. Ule wa kukaa kimya na tatizo hadi tatizo lenyewe lichoke. Ukimuuliza swali hakujibu papo hapo. Alikuangalia kama umemkopa kitu, akaondoka, na kesho yake akakuletea jibu pamoja na mifano mitatu ambayo hukuifikiria. Wengine walimwona ana maringo. Wapi maringo, binti alikuwa na haya tu.

Tulikuwa timu ya watu watatu: yeye, Limbert, na mimi Wilder. Timu yetu iliitwa Llajua, jina la ile pilipili ya kusaga ambayo hapa kwetu bila hiyo chakula hakiliki. Katika mashindano yale watu watatu mnapewa kompyuta moja tu. Moja. Mnapewa matatizo kadhaa, kila tatizo mnaliandikia programu, mnaituma kwa waamuzi, nao wanaijaribu kwa data ambayo hamtaiona kamwe. Ikipita, mnaletewa puto la rangi mnalifunga mezani. Isipopita, mnaambiwa neno moja tu, basi, mtajua wenyewe mlikosea wapi. Na kwa kila tatizo mtakalolipata mwishoni, majaribio mabaya yaliyotangulia yanageuzwa dakika za adhabu, zinazojumlishwa na muda mliotumia. Timu zikilingana kwa maputo, mwenye dakika chache ndiye wa juu.

Kwa sababu kompyuta ni moja, Rosmery alitutungia sheria mbili. Ya kwanza, Limbert ndiye anayechapa, kwa kuwa vidole vyake ni vyepesi, sisi tunamsomea. Ya pili, aliye kwenye kiti katikati ya kazi haondolewi mpaka aseme mwenyewe. Sheria nzuri zote mbili. Ndizo zilizotumaliza.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa mwisho kwake. Kila mwanafunzi ana idadi ya miaka ya kushiriki, na yake ilikuwa inaisha siku ile ile. Alishajaribu mara kadhaa, na mara zote tulishika nafasi ya pili au ya tatu. Timu ya kwanza tu ndiyo iliyokuwa inapelekwa kwenye fainali ya bara zima. Baba yake alikuwa ameshasema: akimaliza masomo anarudi Oruro, kwa mjomba mwenye ofisi ya kutoa mizigo forodhani, na hayo mambo ya maputo yaishe. Rosmery hakubishana naye. Alituambia tu, mimi na Limbert, akiwa anamenya chungwa: "Nataka kukaa kwenye ile fainali mara moja. Hata tukiwa wa mwisho. Nikae tu, nione matatizo yao." Nilimjua miaka yote hiyo na hicho ndicho kitu pekee nilichowahi kumsikia akikitaka kwa mdomo wake.

Siku ya mashindano maabara ilikuwa na joto la kukaanga mayai. Mbele yetu walikaa Surazo, timu ya Santa Cruz, watu wa bondeni, wanaongea kwa kuimba. Mmoja wao alipita mezani kwetu akauliza kama sisi watu wa milimani tumekuja na mashine au na abacus ya shanga za kuhesabia. Limbert akamjibu kwamba tumekuja na mablanketi, maana leo watakapopigwa watasikia baridi. Tukacheka. Tulianza vizuri, lazima niseme. Maputo yalikuja mapema, moja langu, mawili ya Rosmery.

Kisha likaja lile tatizo. Hadithi yake ilikuwa ya kipuuzi: kikundi cha ngoma kwenye karnivali kina vibao vya namba, na wachezaji wanataka kuvipanga bega kwa bega ili vikisomwa pamoja vitoe namba kubwa kuliko zote zinazowezekana. Ndivyo tu. Mtoto wa shule ya msingi anaelewa.

Limbert akaliangalia, akasema hilo ni la kunawia mikono. Akapanga vibao kama maneno ya kamusi, kutoka mwisho kwenda mwanzo, akatuma bila hata kutuonyesha. Likarudi: jibu si sahihi. Hiyo adhabu ya kwanza. Rosmery alivuta karatasi akaandika namba nne: 9, 45, 41, 4. Akanionyesha. Kwa kamusi ya Limbert unapata 9, 45, 41, kisha 4, yaani 945414. Lakini ukiitoa ile 4 mkiani ukaiingiza kati ya 45 na 41, unapata 945441, ambayo ni kubwa zaidi. Ile 4 peke yake inatakiwa ikae nyuma ya 45 lakini mbele ya 41. Kamusi haiwezi kulijua hilo. Wala kupanga kwa ukubwa hakuwezi, maana hapo 45 na 41 na 9 zote zitatangulia mbele ya 4, na 9 hata haitakuwa mwanzoni.

Basi akapiga kalamu mezani, akasema usiviangalie vibao kila kimoja peke yake. Viangalie viwili viwili. Unganisha cha kwanza na cha pili, kisha unganisha cha pili na cha kwanza, uone ipi kubwa. 4 na 41 ni 441. 41 na 4 ni 414. Kwa hiyo 4 inatangulia. Na kwa kuwa maunganisho yote mawili yana urefu sawa, huna haja hata ya kuyageuza kuwa namba, ambazo zingeweza kuwa kubwa kupita uwezo wa mashine. Linganisha tarakimu kwa tarakimu kama maandishi, yatosha. Halafu iachie maktaba ya lugha ya programu, yenye zana ya kupanga tayari, ipange yenyewe, wewe uipe tu hicho kilinganishi chako.

Limbert kwenye kiti, Rosmery nyuma yake anasoma. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza napigana na tatizo langu la grafu, lakini masikio yalikuwa wazi. Nilimsikia vizuri sana, na nitaapa popote. Alisema: "Chukua a ukiiunganisha na b, linganisha na b ukiiunganisha na a. Ya kwanza ikiwa kubwa, a itangulie." Kubwa. Hakusema kubwa au sawa. Limbert akachapa ta ta ta ta, wakajaribu zile namba nne, ikatoka 945441. Wakajaribu mifano mingine ya kubahatisha, ikatoka sawa. Wakatuma.

Likarudi: programu imeanguka.

Sio jibu baya. Imeanguka. Imekufa katikati ya kazi. Limbert akasema papo hapo ni nafasi, tumetenga nafasi ndogo, vibao ni vingi kuliko tulivyodhani. Rosmery akamwambia asubiri, asome tena kikomo cha data. Ehe, kumbe unamwambia nani. Vidole vilishaongeza sifuri mwishoni mwa ukubwa wa safu na kutuma. Likarudi lile lile: imeanguka. Adhabu ya tatu sasa, mbili za Limbert kwa pupa na moja ambayo tulikuwa hatujui ni ya nani. Nilimwita jina ambalo sitaliandika hapa. Naye akanijibu kwamba kama nina akili nyingi nimalize kwanza grafu yangu.

Rosmery hakutukana. Aliomba programu ichapishwe kwenye karatasi, ndivyo tunavyofanya ili aliye nje ya kiti aendelee kutafuta kosa, akaenda kukaa sakafuni karibu na ukuta na kalamu nyekundu. Limbert akabaki kwenye kiti, akaanza tatizo lake la jiometria, duara na tanjenti na nini sijui.

Nilikuwa namtazama Ros kwa pembe ya jicho. Alisoma ukurasa ule mara ngapi sijui. Midomo ilikuwa inacheza. Kisha ikaacha kucheza. Akazungushia kitu duara, akainuka, akaja kuniinamia sikioni, akaniuliza swali kana kwamba ananipima. Kama vibao viwili vyote ni 7, na mashine ikiuliza je, hiki cha kwanza kitangulie, tunajibuje? Nikamwambia haijalishi, ni 7 na 7. Akasema ndiyo, kwetu haijalishi, kwake inajalisha. Tumeandika "kubwa au sawa". Kwa hiyo inauliza kuhusu huyu tunasema ndiyo. Inamgeuza mwenzake, tunasema ndiyo pia. Kila mmoja yuko mbele ya mwenzake. Wakati wa kupanga, inatembea kwenye orodha ikimtafuta wa kwanza ambaye tutasema hapana, atakayeisimamisha. Vibao vyote vikiwa sawa hakuna hapana. Inatembea, inatembea, inapita mwisho wa orodha, inaingia kwenye kumbukumbu isiyo yetu, inauawa. Vikiwa vichache inatumia njia nyingine rahisi, haianguki. Ndiyo maana mifano yetu yote ilipita.

Nikaiangalia karatasi. Pale kwenye duara jekundu palikuwa na alama ya ukubwa na usawa pembeni yake. Alama moja iliyozidi. Nikamwangalia Limbert mgongoni. Nikamwangalia Ros. Alijua kwamba najua.

Alikwenda kusimama kando ya kiti.

"Limbert, nimeliona. Niachie kiti kidogo."

"Dakika mbili, Ros, niko katikati."

Akarudi hatua moja nyuma. Sheria yake mwenyewe hiyo, ya kutomwondoa mtu. Nikasimama mimi, nikasema kwa sauti iliyomfanya mwamuzi anigeukie, kwamba ni alama moja ya kufuta, hata pumzi hutapumua utakuwa umerudi. Limbert akasema akiachia uzi wa ile jiometria utamkatikia kichwani. Rosmery akanishika mkono wa shati akanirudisha nilikotoka. "Mwache," akasema. "Na lake linahitajika." Dakika zile mbili za Limbert, jamani, mtu angeweza kupika wali akaula. Na kila dakika inaongezwa kwenye hesabu yetu, nayo inapita Ros amesimama tu na karatasi yake kifuani. Katika kusubiri kule alikumbuka jambo la pili: vibao vyote vikiwa sifuri, programu itatoa msururu wa sifuri, na namba sahihi ni sifuri moja. Akaandika mstari wa kulirekebisha pembeni mwa karatasi. Ndivyo alivyokuwa. Mimi natafuna kucha, yeye anatafuta shimo lingine.

Jiometria ilipita, nitasema ukweli, ilipita mara ya kwanza. Limbert akainuka ananyoosha mikono kama mfalme. Rosmery akakaa, akafuta alama moja, akaongeza mstari wa sifuri, akatuma. Likaja puto la kijani. Akalifunga mwenyewe mezani, polepole, mafundo mawili.

Ubao wa matokeo hufungwa kabla ya mwisho, kwa hiyo hatukujua tumesimama wapi mpaka kwenye sherehe ya kufunga. Walitukusanya wote ukumbini, wakaanza kufunua timu moja moja kutoka chini. Majina yalikuwa yanatajwa, watu wanapiga makofi. Tukabaki wawili. Llajua na Surazo. Maputo sawa. Rosmery alikuwa amenishika kiganja. Wakafunua dakika. Surazo walikuwa mbele yetu kwa tofauti ndogo kuliko adhabu ya jaribio moja tu baya.

Jaribio moja. Mawili yalianguka kwa ajili ya ile alama. Ungeondoa hata moja kati yao, tu, binti angepanda ndege.

Wale wa Santa Cruz wakaanza kurukaruka na kuimba. Yule wa abacus alikuja kutupa mkono, na kusema kweli alikuwa muungwana. Limbert alikuwa mwekundu machoni. Aliuliza kwa sauti ya kupasuka, kwa hiyo lile tatizo la vibao lilikuwa na nini hasa, mbona hatukumwambia. Nikafungua mdomo. Haki ya Mungu nilikuwa tayari, maneno yalikuwa yamejipanga mlangoni.

"Ni mimi," Rosmery akasema. "Nilikusomea 'kubwa au sawa'. Ilitakiwa iwe 'kubwa' tu. Kosa langu."

Alikuwa ameshaikunja ile karatasi, ameitia mkobani.

Limbert akamkumbatia. Akampigapiga mgongoni. Akamwambia asijilaumu, makosa hutokea kwa kila mtu, hata kwa waliobobea. Hakukumbuka. Mtu anayechapa anasomewa, vidole vinaandika vyenyewe, na kichwani mwake ilikuwa imeshageuka kuwa aliambiwa hivyo. Hakudanganya. Hilo ndilo lililonikera zaidi, kwamba siwezi hata kumwita mwongo.

Kocha wetu wakati huo, Inge Zulma, ambaye kama wahandisi wote hapa tulimwita Inge, alimshika Ros kichwa akambusu paji la uso, akaenda kuzima mashine.

Tulitoka nje mimi na Rosmery, tukanunua trancapecho kwa mama mmoja pale getini, ule mkate wenye nyama na yai na wali ndani yake unaokaba kifua kabla hujaufikisha nusu. Sikuweza kula. Nilimuuliza amepata wapi ujasiri wa kunidhalilisha hivyo, kunifanya nimeze ukweli ninaoujua. Nilisema maneno mengi, mengine mabaya. Alisubiri nimalize. Kisha akafuta pilipili mdomoni.

"Ana mwaka mwingine yule. Mimi sina. Akijua kwamba ni yeye, mwakani atakaa kwenye kile kiti anatetemeka. Vidole vyake ndivyo tulivyo navyo."

"Tulivyo navyo? Wewe umeshatoka, Ros."

"Basi mlivyo navyo," akasema. Akanisukumia mkate wangu. "Usimwambie, Wilder. Niahidi."

Nikaahidi. Nilikuwa na hasira na bado nikaahidi, sijui kwa nini.

Akarudi Oruro. Ofisi ya mjomba, makaratasi ya mizigo, malori yanayotoka bandarini Iquique. Mwaka uliofuata Limbert akakaa kwenye kiti na vidole vyake havikutetemeka hata kidogo. Timu mpya, nami nikiwamo, ikashika nafasi ya kwanza. Tukaenda fainali. Kulikuwa na tatizo la kupanga, na nilimwona Limbert akifika kwenye kilinganishi akasimama, akacheka, akaniambia, "Hapa nisifanye ile ya Rosmery." Akachapa kubwa tu. Jina likazaliwa pale, mbele ya macho yangu. Tuliporudi akalileta nyumbani, na alipopewa timu za kufundisha akaliweka ubaoni.

Yeye hana ubaya nalo, ndiyo adha yenyewe. Analisema kwa upendo. Anawaambia vijana kwamba Rosmery Colque alikuwa bora kuliko sisi sote, na tazameni, hata yeye. Ile "hata yeye" mimi hunichoma kama pasi.

Mwezi uliopita Rosmery aliteremka Cochabamba kufuatilia cheti chake kilichokwama kwenye ofisi za chuo. Alinikuta maabara. Amenenepa kidogo, amekata nywele. Tulikuwa tunaongea mlangoni, Limbert akiwa ndani na wanafunzi wapya, alama yake ubaoni imeshazungushiwa duara. Akamwona. Uso ukamchangamka, akamwita ndani, akawaambia vijana, mnamwona huyu, ndiye mwenyewe. Binti mmoja wa mstari wa mbele akauliza kwa heshima zote:

"Samahani, dada, ni wewe yule wa kosa?"

Nikamtazama Ros. Nikasema moyoni, leo, leo utasema.

"Ni mimi," akasema.

Akachukua chaki kutoka mkononi mwa Limbert. Akaandika 7 na 7, akawauliza nani kati yao atangulie. Wakasema haijalishi. Akawaonyesha mashine inavyotembea kutoka 7 hadi 7 ikitafuta hapana, hadi ikaanguka nje ya orodha, akaichora kabisa ikianguka, na vijana wakacheka, na nikaona kwenye nyuso zao kwamba limeingia na halitatoka. Kisha akawakumbusha sifuri zote. Alieleza vizuri kuliko Limbert alivyowahi kueleza, na nilivyomwangalia nilijua hajasimama mbele ya kitu anachokipenda tangu siku ile ya puto la kijani.

Wakapiga makofi. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Limbert. Mimi nikatoka nje, nikamsubiri getini.